Kufupisha Maisha ya Mzee Bila Kumpokonya Kauli



Ukishakaa na mzee kwa saa moja na nusu, kinasa sauti kikiwa mezani kati yenu, utarudi nyumbani na mali nyingi kuliko unayoweza kuibeba. Ukoo wake utaomba kurasa mbili za kusoma siku ya mkutano wa familia. Shule itaomba kurasa mbili za kuweka katika jalada la historia ya kata. Hakuna atakayeomba kusikiliza dakika tisini. Kwa hiyo itakubidi ufupishe, na hapo ndipo kazi ngumu huanza, kwa maana kufupisha maneno ya mtu ni kuamua kwa niaba yake lipi libaki na lipi liondoke.

Katika somo hili nitakueleza namna ninavyoandaa kile ninachokiita muhtasari wa maisha. Muhtasari huo si unukuzi, yaani maandishi ya kila neno lililotamkwa. Si wasifu pia, kwa sababu mwandishi wa wasifu huyapanga maisha ya mtu kwa mpango wake mwenyewe. Muhtasari wa maisha ni orodha fupi ya hatua za simulizi, katika mfuatano aliousimulia mwenyewe, na sauti yake ikisikika ndani ya kila hatua. Msomaji akiumaliza, ajue mambo gani yalisemwa, yalisemwa kwa utaratibu gani, na wapi anaweza kuyasikia katika kinasa.

Mfano wetu utakuwa mmoja tu. Ni mzee wa upande wa Tororo, mashariki mwa Uganda, aliyefanya kazi ya reli tangu ujanani. Aliniruhusu kutumia maneno yake kufundishia, lakini si jina lake. Kiswahili chake alijifunza kwenye genge, yaani kundi la vibarua wa njia ya reli, na mpaka leo ndicho Kiswahili anachokisema. Mahojiano yalichukua dakika 94. Unukuzi wake ulifika maneno 8,600 hivi, na muhtasari ukaishia kwenye maneno 700.

Tafuta viungo vya simulizi

Mara ya kwanza sikiliza yote bila kuandika. Mara ya pili chukua karatasi, uandike dakika ambapo msimulizi anaacha jambo moja na kushika jingine. Usitafute mada zako, kama vile kuzaliwa, elimu, ndoa na kazi. Tafuta viungo vyake. Mzee wa Kiswahili hukuonyesha viungo hivyo kwa maneno madogo: *basi*, *sasa*, *haya*, *tuliache hilo*, *nimekwambia kuhusu fulani?* Pengine kiungo ni kimya, au ni kikohozi na kuomba maji. Hayo yote ni alama kwamba mlango mmoja umefungwa na mwingine umefunguliwa.

Katika mahojiano ya mzee wetu nilipata vipande tisa. Cha kwanza hakikuwa kuzaliwa. Nilimwomba anisimulie maisha yake tangu mwanzo, naye akasema: "Mimi si mtu wa shamba. Mimi ni mtu wa reli. Shamba lilinipata tu." Mwanzo wa maisha, kwa hesabu yake, ni siku aliyoingia kwenye genge. Utoto wake ulikuja dakika ya 41, na tutaona kwa nini ulichelewa hivyo.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wengi hulisahau katika hatua hii. Si kila mfuatano ulio katika kinasa ni wa mzee; mwingine umeletwa na maswali yako. Dakika ya 52 nilimwuliza kuhusu ndoa, akajibu kwa dakika sita. Kama nisingeuliza, huenda asingalizungumzia ndoa mahali pale, au asingalizungumzia kabisa. Kwa hiyo mbele ya kila kipande kilichotokana na swali naandika *aliulizwa*. Msomaji akiona neno hilo ataelewa kwamba nafasi ya kipande hicho ni yangu kwa kiasi fulani. Vipande visivyo na neno hilo ni mfuatano wa mzee mwenyewe, na hivyo ndivyo ambavyo huna ruhusa ya kuvihamisha.

Kwa nini usipange kwa miaka

Utashawishika kupanga upya. Tarehe hupendeza macho, na mwalimu wa historia hufurahia orodha inayotoka mwaka mdogo kwenda mwaka mkubwa. Hebu tuone gharama yake.

Katika kipande cha tatu mzee alisimulia jinsi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivyovunjika na shirika la reli likagawanywa baina ya nchi tatu. Yeye alikuwa Nakuru, Kenya. Alirejeshwa Uganda na sanduku moja la mbao. Akamaliza kipande hicho kwa maneno haya: "Nikarudi kwenye jembe nililolikimbia nikiwa mtoto." Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kumsimulia baba yake, ng'ombe wa baba yake, na asubuhi aliyoacha jembe kondeni na kufuata vijana waliokuwa wakienda kutafuta kazi ya reli.

Unaona kiungo? Utoto haukuja kwa sababu ya tarehe. Uliitwa na jembe. Mzee aliufungua utoto wake pale tu alipohitaji kueleza kwamba katika kurudi kwake alirudi palepale alipopakimbia. Ukiuhamisha utoto na kuuweka juu kabisa ya ukurasa, utakuwa utoto wa kawaida wa mtoto wa mkulima, kama wa maelfu ya wengine. Ukiuacha baada ya kurejeshwa, utabaki ni maelezo ya hasara. Habari ni zilezile, bali maana si ileile.

Kwa sababu hiyo miaka naiandika pembeni, ndani ya mabano ya mraba, nayo haipewi mamlaka ya kupanga chochote.

Sauti imo ndani ya kitenzi

Wengi hudhani kwamba kuhifadhi sauti ya msimulizi ni kuchomeka methali mbili tatu alizozisema. Katika Kiswahili sauti hukaa kwanza ndani ya kitenzi. Mzee alisema: "Tulirudishwa kama mzigo uliokosa mwenyewe." Mwanafunzi mmoja niliyempa kipande hicho akifupishe aliandika: "Mwaka 1977 alirudi Uganda."

Sentensi ya mwanafunzi ni fasaha, na haina kosa la sarufi. Hata hivyo linganisha vitenzi. *Kurudi* ni tendo la mtu mwenyewe: ameamua, akafunga safari. *Kurudisha* kuna mtu anayemtendea mwingine. *Kurudishwa* ni kutendewa, na mtendaji hatajwi. Mzee alichagua umbo la tatu, naye alijua alichokichagua, kwani hata mfano wake ni wa mzigo, na mzigo hautembei wenyewe. Pia alisema *tu-*, si *ni-*. Hakurudishwa peke yake. Walikuwa behewa zima la watu. Katika silabi chache za mwanzo na mwisho wa kitenzi kimoja mlikuwa na kundi la watu na nguvu isiyotajwa iliyowasukuma. Mfupishaji alivitupa vyote viwili bila kukusudia, na kilichobaki ni mtu mmoja aliyependa kurudi kwao.

Kanuni yangu, basi, ni hii: unapofupisha, unaweza kuacha sentensi nzima, lakini ukibakiza kitenzi, kibakize na viambishi vyake. Aliyesema *nilihamishwa* asiandikiwe *alihama*. Aliyesema *tuliambiwa* asiandikiwe *alijua*. Ni nafsi tu inayoweza kugeuka: *tulirudishwa* inakuwa *walirudishwa*, kwa sababu sasa ni wewe unayesema habari zake.

Hapo tumegusa swali la nafsi. Baadhi ya waandishi huandika muhtasari wote kwa nafsi ya kwanza, ili ionekane kana kwamba mzee anasema. Mimi sifanyi hivyo. Nikiandika "nilihuzunika sana kuondoka Nakuru", naye hakusema neno hilo, nitakuwa nimempachika huzuni yangu mdomoni. Naandika kwa nafsi ya tatu, na maneno yake halisi nayaweka ndani ya alama za usemi. Kwa namna hiyo ukurasa unakuwa na mikono mitatu inayotambulikana: alama za usemi ni mkono wa mzee, maandishi ya kawaida ni mkono wangu, na mabano ya mraba ni ushahidi uliotoka nje ya mahojiano.

Ndani ya alama za usemi usisahihishe chochote. Mzee alisema: "Ile maji ilikuja usiku, saa tisa. Asubuhi tukaona reli inaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo." Nawe darasani umefundishwa kwamba ni *yale maji yalikuja*, na umefundishwa vyema. Lakini *ile maji* ni Kiswahili cha genge, walichojengea reli watu wa lugha nyingi tofauti, na ukikisahihisha utamhamishia mzee kwenye darasa ambalo hakusoma. Vilevile usibadilishe saa. Saa tisa ya usiku ni saa tisa tangu jua kutua. Usiigeuze kuwa tatu ili kumridhisha msomaji anayesoma saa kwa namna ya Kizungu.

Kwa kila kipande nachagua sentensi moja tu ya kunukuu, au mbili pale kipande kinapounganisha vingine. Kipimo cha kuchagua ni rahisi: ni sentensi ipi ambayo nikiieleza kwa maneno yangu itakufa? Habari kwamba njia ilisombwa na mvua naweza kuieleza mwenyewe. Reli inayoning'inia kama kamba ya nguo siwezi.

Miaka ambayo mzee hakuitaja

Mzee wetu hakutaja mwaka hata mmoja kwa tarakimu. Alihesabu kwa matukio, na matukio hayo mengi yana tarehe zinazojulikana. Aliposema kwamba malkia alipokuja kufungua bwawa la Jinja yeye alikuwa tayari kwenye genge, niliweza kuandika [Aprili 1954], kwa sababu ndipo Malkia Elizabeti wa Pili alipolifungua bwawa la Owen Falls. Aliposema walifikisha reli Kasese, niliandika [1956]. "Mvua ile kubwa kabla ya bendera" ni [mwishoni mwa 1961], kwani Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, na mvua za mwisho wa mwaka uliotangulia zilikuwa nyingi mno hata Ziwa Viktoria likapanda kwa miaka iliyofuata. "Walipokata sifuri mbili" ni [Mei 1987], serikali ilipotoa shilingi mpya moja kwa kila shilingi mia za zamani.

Tarehe isiyo na tukio la kuishikilia iache wazi. Mwaka wa kuzaliwa kwake sikuuandika. Ningeweza kukisia kwa kutoa miaka kadhaa kutoka 1954, lakini makisio yakishaandikwa kwa tarakimu huonekana kama cheti.

Sasa twende kwenye jambo gumu kuliko yote. Mzee alisema: "Tulirudishwa mwaka wa vita." Vita anavyovikusudia ni vile vya Kagera, vilivyoanza mwishoni mwa 1978 na kuuangusha utawala wa Idi Amin mwezi Aprili 1979. Lakini Jumuiya ilivunjika 1977, na katika sanduku lake la mbao mzee alinionyesha barua yake ya uhamisho. Tarehe yake ni ya 1977. Pana pengo la karibu miaka miwili.

Mfupishaji mwenye haraka ataandika 1977 na kuendelea. Mfupishaji mwingine ataandika kwamba kumbukumbu za mzee zimechoka. Wote wawili watakuwa wamefunga mlango. Mwanahistoria wa Kiitalia Alessandro Portelli aliandika juu ya mfanyakazi wa viwanda vya chuma vya Terni, Luigi Trastulli, aliyeuawa na polisi katika maandamano ya Machi 1949 dhidi ya nchi yake kujiunga na NATO. Miaka mingi baadaye, wafanyakazi wenzake wengi walisimulia kwamba alikufa mwaka 1953, katika ghasia za kupinga kufukuzwa kazi kwa maelfu ya wafanyakazi. Portelli hakuyatupa masimulizi hayo. Alionyesha kwamba watu walikihamisha kifo hicho hadi pale kilipokuwa na maana kwao, na kwamba kosa la tarehe lilikuwa lenyewe ni ushahidi wa historia.

Rudi sasa kwenye kinasa cha mzee wetu. Dakika ya 71 alianza sentensi hivi: "Miaka ile ya kwanza nyumbani…" Akanyamaza. Kisha akasema: "Hapana. Tuiache." Kipande hicho hakikufika dakika mbili. Hiyo miaka ya kwanza nyumbani ndiyo miaka iliyomezwa na tarehe yake. Kati ya barua na vita kuna muda asiotaka kuusimulia, na katika simulizi yake muda huo haupo kabisa: alirudishwa, na vita vikawa.

Sijui kilichotokea, wala si kazi ya muhtasari kukisia. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba msomaji makini anaweza kuliona pengo hilo. Kwa hiyo nilibakiza "mwaka wa vita" ndani ya alama za usemi, nikaweka tarehe zote mbili katika mabano, na kimya cha dakika ya 71 nikakipa namba yake kama kipande kingine chochote. Kimya nacho ni hatua ya simulizi. Ukikiacha kwa sababu hakina habari, utakuwa umeficha habari kubwa.

Muhtasari wenyewe

Hapa chini ni muhtasari huo, nikiwa nimeupunguza zaidi ili utoshe kwenye somo. Namba zilizo katika mabano ya kawaida ni dakika za kinasa.

1. (0–11) Anaanza na kazi. "Mimi si mtu wa shamba. Mimi ni mtu wa reli. Shamba lilinipata tu." Anaeleza genge lilivyopangwa, mnyapara wao, na vyakula vya kambini.

2. (11–27) Njia ya Kasese. Malkia alipofungua bwawa la Jinja [Aprili 1954] alikuwa tayari kwenye genge. Walibeba mataruma kwa mabega na kumwaga kokoto kwenye matope "yanayokula kokoto kama ugali". Walifikisha reli Kasese [1956]. Akahamishiwa Nakuru.

3. (27–41) Kurudishwa. "Tulirudishwa mwaka wa vita" [vita: 1978–79, barua yake ya uhamisho: 1977]. "Tulirudishwa kama mzigo uliokosa mwenyewe." Alikuja na sanduku moja la mbao. "Nikarudi kwenye jembe nililolikimbia nikiwa mtoto."

4. (41–52) Utoto. Baba yake, ng'ombe, na asubuhi aliyoacha jembe kondeni. Hakuaga.

5. (52–58, aliulizwa) Ndoa. Alioa akiwa Nakuru, kwa ruhusa ya wiki mbili. Ng'ombe wa mahari waliswagwa na rafiki yake wa genge, kwa kuwa yeye mwenyewe alichelewa kufika.

6. (58–71) Mvua kubwa kabla ya bendera [mwishoni mwa 1961]. "Ile maji ilikuja usiku, saa tisa. Asubuhi tukaona reli inaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo." Rafiki aliyeswaga ng'ombe alikuwa zamu ya kukagua daraja usiku huo. Alisombwa.

7. (71–73) "Miaka ile ya kwanza nyumbani…" Ananyamaza. "Hapana. Tuiache."

8. (73–86) Shamba na watoto. Aliuza pamba, akaweka akiba. "Walipokata sifuri mbili" [Mei 1987], akiba ilikatwa pia: "Katika kila mia walichukua thelathini."

9. (86–94) Anarudi kwa rafiki yake bila kuulizwa. Anataja jina lake lote, la baba yake na la kijiji chake, na kulirudia mara mbili polepole. "Andika. Reli iliandika namba yake tu."

Tazama kipande cha mwisho. Katika muhtasari wa familia jina hilo limeandikwa kamili, kama alivyoagiza. Hapa nimelificha kwa heshima ya nduguze. Ungepanga kwa miaka, kifo cha rafiki kingeangukia katikati ya ukurasa, baina ya ndoa na kurudishwa, na hapo pangekuwa mwisho wake. Lakini mzee alimrudia. Alikuwa na dakika nane za mwisho za mazungumzo yale, na akazitumia kwa mtu asiyekuwa yeye. Mtu aliyeombwa kusimulia maisha yake akamalizia na jina la mwingine: hilo lionekane kwenye karatasi, bila wewe kuongeza neno la kulieleza.

Msomee mwenyewe

Muhtasari haujakamilika mpaka mwenye maisha ausikie. Msomee kwa sauti, taratibu, kipande baada ya kipande, usimkabidhi karatasi tu. Wazee wengi hawatasoma herufi ndogo, na wengine hawatakwambia. Unaposoma mtazame. Akisema "hapo sikusema hivyo", rudi kwenye kinasa pamoja naye. Akisema "nilisema, lakini liondoe", liondoe, wala usimwulize sababu.

Mzee wetu aliomba jambo moja liondolewe katika kipande cha nane, nalo lilihusu deni la mtoto wake. Liliondoka. Nilipofika kipande cha tatu nilimsomea mabano pia, tarehe zote mbili, kwa sababu si haki kuweka ushahidi dhidi ya maneno ya mtu nyuma ya mgongo wake. Alisikiliza, akasema: "Barua ni kweli. Na mimi nimesema kweli." Nikamwuliza kama nibadilishe. Akakataa. Nilipofika kipande cha saba alisema tu, "Iache ikae hivyo."

Maneno hayo mapya hayakuingia ndani ya muhtasari, kwa kuwa hayakuwa sehemu ya mahojiano. Niliyaandika chini ya ukurasa pamoja na tarehe ya siku niliyomsomea. Siku ya kusoma ni tukio jingine, na ukichanganya matukio mawili katika mfuatano mmoja utakuwa umeuharibu mfuatano uliojitahidi kuutunza.

Mwisho, uhifadhi sauti yenyewe. Weka nakala mbili mahali pawili tofauti, na juu ya muhtasari uandike jina la faili la sauti pamoja na urefu wake. Maneno 700 hayawezi kuchukua nafasi ya dakika 94. Yanaweza kumwelekeza mjukuu wa mjukuu kwenye dakika ya 86 ili amsikie mzee akilitaja jina lile kwa sauti yake.

Zoezi

Mrekodi mzee mmoja wa kwenu kwa dakika ishirini, kwa ruhusa yake. Muulize swali moja tu la kufungulia, kisha unyamaze kadiri unavyoweza. Andika viungo vya simulizi na dakika zake. Kisha chagua kipande kimoja, ukifupishe kwa sentensi mbili zako na moja yake. Pigia mstari kila kitenzi ulichokibakiza, na mbele ya kila kimoja ujibu: nani anatenda, nani anatendewa, na je, mzee ndivyo alivyosema? Njoo na majibu hayo darasani kabla hujanionyesha muhtasari wenyewe.